Mwalimu wa Kwaya Aliyekuwa Akinyamaza Nyumbani

Sitaki kumsifu. Naanza hivyo ili anayesoma asije akadhani naandika kwa mapenzi. Huyu mtu hapa Ihanda tunamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Anafundisha kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, na siku nyingine ni mkulima wa kahawa na migomba kama sisi wote. Nimemjua miaka mingi, na miaka hiyo yote nimemwonea wivu. Sioni haya kulisema. Nimejijenga mwenyewe na sina ninayemwogopa. Nilianza kwa kubeba ndizi kwenye baiskeli kutoka Nyakasimbi, nikisukuma milima kwa kifua, na leo nina duka pale senta, nina pikapu, na nyumba yangu imeezekwa bati la rangi. Ya Mwalimu inavuja upande wa jikoni. Lakini mwanamke niliyemtaka alikuwa wake, akamwacha, akamrudia, akamwacha tena, na yote hayo nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, kwa sababu mwanamke huyo anashonea nguo kwenye baraza ya duka langu.

Anaitwa Koku. Cherehani yake iko pale upande wa mlango tangu mke wangu akiwa hai. Mke wangu alipofariki, Koku ndiye aliyeshona sanda, na hakutaka kulipwa. Tangu hapo nikaanza kumtazama.

Nirudi kwa Mwalimu, maana ndiye ninayemwandika.

Ana shati moja jeupe analolipenda, analipiga pasi ya mkaa mpaka kola inasimama. Akitembea barabarani anapiga paja kwa vidole, anahesabu mapigo ya wimbo ambao wewe huusikii. Kwaya ikisimama mbele ya watu, yeye hasimami mbele kama wengine. Anasimama pembeni, karibu na wanaume wa sauti ya nne, anaangalia chini. Akisikia mtu ameshuka sauti anainua kidole kimoja tu, na mtu huyo anajijua. Kuna mwaka walikwenda kushindana Nkwenda, kule Kyerwa, wakarudi na kombe. Mimi ndiye niliyewabeba kwenye pikapu. Njia nzima walikuwa wakiimba kule nyuma, na yeye alikuwa amekaa mbele pamoja nami, haimbi, anatabasamu tu na dirisha. Nilimuuliza kwa nini haimbi. Akasema, "Mzee, mimi nasikiliza."

Watu wanampenda kwa ajili hiyo. Akina mama wanasema ana masikio ya malaika. Msibani akifika, hata aliyekuwa anapiga kelele za uchungu anatulia. Hajawahi kumpiga mtu, hanywi rubisi, pombe yetu ya ndizi, hana mwanamke wa pembeni. Ukituweka wawili kwenye mizani ya kijiji, mimi napanda juu kama pamba. Hilo nalo limenikera.

Sasa sikia upande wa pili. Mtu huyu, ukimpinga nyumbani kwake, ananyamaza. Si kunyamaza kwa mtu anayejizuia asitukane. Ananyamaza wiki, wiki inazaa nyingine. Anakula, anaosha sahani yake mwenyewe, anafagia upande wake wa uwanja. Mke wake akiuliza neno, anaangalia migomba. Akitaka chumvi anamwambia binti yao, "Mwambie mama yako mboga haina chumvi," na mama yuko pale pale, goti kwa goti. Mara ya kwanza Koku kunisimulia hayo nilidhani anatia chumvi yake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa nini? Alipanda maharage sehemu ambayo Mwalimu alitaka ipumzike. Basi. Kwa maharage hayo mtu alinyamaziwa mpaka yakatoa maua.

Hapo ndipo Koku alipoondoka mara ya kwanza, akarudi kwao Nyakasimbi. Kwetu mwanamke akimwacha mume akarudi kwa wazazi tunasema amenoba. Si talaka. Ni kama kuweka mguu nje. Mume akimtaka, anakwenda ukweni na watu wake na rubisi, wazee wanamkalisha chini, wanamuuliza, wanamtoza, kibuyu kinafunguliwa, watu wanakunywa, halafu mwanamke anaitwa na kuulizwa kama anarudi. Nimekwenda safari hizo za watu wengi na sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka Koku aliponionyesha. Mwanamke anaulizwa mwisho. Kibuyu kimeshakwisha, baba ameshacheka, mbuzi ameshafungwa kwenye mti. Nani atasema hapana?

Mwalimu alifanya zaidi ya wengine. Alikwenda na kwaya nzima. Alikodi pikapu yangu, na mimi mjinga nikaendesha. Walishuka kabla ya nyumba, wakajipanga kwenye njia ya migomba, wakaingia uwanjani wakiimba sauti zote nne. Mama yake Koku alilia. Baba yake alilia. Mimi nilikuwa nimeegemea boneti nikamwona Koku akitoka jikoni na majivu mikononi, na nikajua amekwisha. Kuhusu maharage halikusemwa neno. Kuhusu kunyamaza halikusemwa neno. Nikawarudisha Ihanda wote wawili, wameshikana mikono kwenye kiti changu cha mbele, na gia nikawa nazibadilisha kwa hasira.

Miezi ile ya kwanza walikuwa kama wachumba. Anamletea chai pale barazani kwenye chupa, anasubiri anywe. Nilijifanya napanga magunia. Halafu wageni walikuja nyumbani kwao, Koku akasema mbele yao kwamba kitambaa alichochagua Mwalimu kwa sare za kwaya kinachuja. Kilikuwa kinachuja kweli, ni yeye fundi. Mwalimu akafunga mdomo, na Koku akafunga mzigo.

Mara ya pili Mwalimu hakwenda kumchukua. Aliugua malaria, akalala, na binti akaja kumwita mama. Koku akaenda kumuuguza, akabaki. Kila mtu akasema angalia, upendo huo. Mimi nilisema mtu mgonjwa hana ubishi, ngoja apone. Niliambiwa nina roho mbaya. Alipona, akarudi kuwa yule yule, na Koku akaondoka tena.

Mara ya tatu ilikuwa msiba wa baba yake Koku. Mwalimu alifika wa kwanza, alichimba kaburi kwa mikono yake, alilala nje siku zote za matanga, na jioni ya mwisho wazee wakamshika mkono Koku wakauweka kwenye mkono wa Mwalimu, kwamba marehemu angependa. Nani anabishana na marehemu? Wakarudiana wakiwa na macho mekundu. Ilifika mpaka mavuno ya kahawa, wakakosana juu ya shule ya binti, na nyumba ile ikawa kimya tena kama kanisa siku ya Jumatatu.

Niliyaweka pamoja marudiano hayo kichwani mwangu, maana mfanyabiashara anaona mambo yanayojirudia. Kwaya, ugonjwa, msiba. Kila mara kulikuwa na jambo kubwa linalowasukuma, na kila mara lile dogo lililowatenganisha hakuna aliyeligusa. Nilimwambia Koku hivyo, na sitajificha, nilimwambia kwa faida yangu. Alinisikiliza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mzee, unasema kweli, hata kama unasema kwa sababu zako."

Alipoondoka mara ya nne hakwenda Nyakasimbi. Alipanga chumba nyuma ya senta, nyuma ya banda la mtengeneza baiskeli. Kaka zake wakaja kulalamika kwamba sasa Mwalimu atakwenda kumchukua kwa nani. Akawajibu kwamba ndiyo maana. Hakuna uwanja wa kuimbiwa, hakuna kibuyu, hakuna mtu wa kulia kwa niaba yake.

Hapo nikaona mlango wangu. Nikaezeka upya ile baraza ili mvua isimfikie. Nikamwekea taa. Siku moja wateja walipokwisha nikamwambia wazi, kwa sababu sijui kuzunguka: nina nyumba kubwa na nalala peke yangu, mimi si mtu wa kuimba lakini nikiwa na neno nalisema. Hakucheka. Alisema nimpe muda, kwa sababu bado hajamaliza kujiuliza kuhusu yule. Nikasema muda ninao. Sikuwa nao. Kila mara simu yake ilipoangaza juu ya meza ya cherehani nilinyoosha shingo kama jogoo.

Nitaeleza alivyojiuliza, maana nilikuwa nimekaa pale na alikuwa akifikiri kwa sauti, huku anashona. Sijaona mtu anayepima jambo namna ile.

Kwanza alijiuliza anamkumbuka nani. Alisema, "Nikiwa mbali namkumbuka wa kanisani. Wa mezani simkumbuki kamwe. Na anayenirudisha nyumbani ni wa kanisani, lakini ninayemkuta ni wa mezani." Kisha akajiuliza anamkumbuka lini. Kama ni Jumapili jioni tu, chumbani, mvua inanyesha, huo ni upweke, na upweke unatibiwa hata na redio. Akawa anajitazama siku za gulio, kazi imejaa, watu wanacheka naye, amekula vizuri. Alikuta hata siku hizo kuna jambo anataka kumwambia yeye na si mwingine. Aliponiambia hivyo niliingia ndani kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Niliuliza kama anamwogopa. Alisimamisha cherehani kabisa. "Angekuwa ananipiga, au ananifanya niogope kuingia kwangu, nisingekaa hapa kujiuliza. Ningeshaondoka na njia ningeisahau. Huyu ananiumiza, lakini simwogopi. Swali langu ni moja. Anaweza kuacha, au hawezi?"

Na hilo hakumuuliza Mwalimu. Alisema akimuuliza atapewa maneno mazuri, na maneno mazuri anayo kabatini. Aliwauliza wanaoishi naye. Mwendesha bodaboda mmoja anayeimba sauti ya nne alikuwa akileta suruali kutiwa viraka, Koku akamchokonoa. Yule kijana akasema Mwalimu amekuwa mtu wa ajabu. Zamani mtu akibishana naye mazoezini alifunga kitabu na kuondoka, wiki nzima hakuna mazoezi. Sasa anasema mbele ya wote kwamba ameudhika, wapumzike kidogo, kisha wanarudi na wanamaliza. Akasema pia kwamba Mwalimu alikwenda kwa dada yake mkubwa huko Kyerwa kumuuliza habari za nyumba yao, na dada akamwambia baba yao alikuwa hivyo hivyo, na mama yao alizeeka akiongea na kuku. Alirudi kutoka huko, kijana akasema, akiwa mnyonge.

Binti alipokuja kumsalimia mama yake, Koku alimuuliza baba hajambo. Binti akasema, "Hajambo. Ila siku hizi anagomba."

"Anagombaje?"

"Nikichelewa ananigombeza, tunabishana, halafu tunakula."

Koku aliinama juu ya kitambaa, nikamwona anatabasamu na pini mdomoni. Sijawahi kumchukia mtoto, lakini siku hiyo nilimwona binti yule ana kiherehere.

Hata hivyo Koku hakukimbilia kurudi. Alisema mtu anaweza kubadilika kwa binti na kwa kwaya, lakini kwa mke ukabaki ukuta ule ule. Akamwita Mwalimu aje pale barazani, mchana, watu wanapita. Akaja na shati lake jeupe, akanisalimia, "Shikamoo mzee," nikaitikia nusu. Kumbe naye alikuwa na mpango wake. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wazee wa kanisa. Watarudiana siku ya Sikukuu ya Mavuno, mbele ya madhabahu, na kwaya itaimba wimbo alioutunga kwa ajili ya Koku. Alitoa karatasi mfukoni.

Koku hakuipokea. Alimwambia hapana. Akasema akirudi atarudi kwa miguu, siku ya kawaida, bila kwaya, bila tangazo, bila ndugu. Cherehani inabaki hapa. Chumba chake anakiweka mpaka kahawa iishe kuvunwa. Na siku atakayomnyamazia bila kumwambia kwa nini, anaondoka, na hakuna wa kumfuata. "Wimbo wako sijaukataa kwa sababu ni mbaya," akasema. "Nimeukataa kwa sababu kila mara ukiimba tunasahau kuongea."

Nilijua anachofanya. Alikuwa amemgusa pale pale panapouma, kwa makusudi, wakati bado ana chumba chake na ufunguo wake. Afadhali ukuta uonekane leo kuliko akiwa amehamisha vyombo.

Mwalimu alikunja karatasi. Aliangalia migomba ng'ambo ya barabara, yale macho niliyosimuliwa miaka yote. Akapanda baiskeli, akaenda bila neno.

Nisiwe mnafiki, nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Koku alishona bila kuinua kichwa mpaka jioni. Nilimletea maji ya kunywa, akasema asante. Nikapanga moyoni jinsi nitakavyomwambia kaka zake.

Kesho yake, jua limepanda, Mwalimu akaja akisukuma baiskeli, tairi limejaa tope. Hakuwa na shati jeupe. Alisimama barabarani, chini ya ngazi, na wateja wangu wawili wakaacha kuchagua majembe.

"Jana nilikasirika," akasema. "Bado nimekasirika, Koku. Nimeshawaambia kwaya, na umenitia aibu. Nimekaa usiku nataka kunyamaza, na ningeweza. Nimekuja kukuambia kwamba nimekasirika. Sitaki ubadilishe neno ulilosema."

Koku akasema, "Ungeniuliza kwanza kabla ya kuwaambia kwaya."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi unaona."

"Naona nini, waitu, mwenzangu? Kwamba ulijua nitakataa ukaenda?"

Wakaanza. Walibishana juu ya wimbo, wakarudi kwenye sare zinazochuja, wakafika kwenye maharage ya miaka ile, na Mwalimu akakiri kwamba maharage yalizaa vizuri, ila bado anaona sehemu ile ilihitaji kupumzika, na Koku akacheka kwa hasira. Mwalimu alikuwa amepanda ngazi bila kujijua, amekaa juu ya gunia langu. Sauti zilipanda, zikashuka. Mara moja akanyamaza, kweli akanyamaza, nikashika ukingo wa kaunta. Kisha akasema, "Ngoja. Nimeanza tena. Nipe dakika." Koku akampa. Alishona mshono mzima. Naye akaendelea pale alipoachia.

Niliwahi kuwaona wakishikana mikono kwenye pikapu yangu na nikaumia. Lakini sijawahi kuona wivu kama ule wa kuwasikiliza wakigombana. Mke wangu na mimi, Mungu amrehemu, hatukuwahi kubishana hivyo. Nilikuwa nikisema na yeye anatii, nami nikaita hiyo amani.

Koku alirudi kwa Mwalimu siku ya kawaida, kwa miguu, na kikapu kimoja. Chumba alikiweka mpaka kahawa ikaisha, kama alivyosema. Kulitokea kunyamaza mara moja, siku mbili, na Mwalimu mwenyewe akaja barazani kusema kilichomsumbua kabla hajaulizwa. Kahawa ilipokwisha, Koku alirudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Wamevuka mwaka na zaidi sasa. Hawako kama wachumba. Wako kama watu wanaosikia.

Na mimi? Mimi nikawa napita pale mlangoni bila kumtazama. Akiniamkia naitikia "marahaba" na kuingia. Akiuliza habari za pikapu, naongea na mteja. Sikumfukuza, mimi si mtu wa hivyo. Niliona nina haki ya mdomo wangu.

Wiki iliyopita Mwalimu akaja. Koku alikuwa ndani, chumba cha nyuma, akipiga pasi sare za shule. Mwalimu akanisalimia, akavuta kibao, akaketi karibu yangu, akatazama barabara.

"Mzee," akasema, "Koku anasema umemnyamazia."

Nikafungua daftari la madeni.

"Mimi nyumba hiyo naijua, nimekaa humo miaka. Ukiwa ndani unaona unajiheshimu. Sema chochote. Hata tusi."

Akangoja. Ana uvumilivu mbaya sana mtu huyu, ule wa kungoja sauti iingie. Bodaboda zikapita, nikazihesabu ili nisiseme.

"Nilitaka akukatae," nikasema.

"Najua."

"Siku ile ulipoondoka na baiskeli nilifurahi."

"Hilo nalo tulilijua. Endelea."

"Sikupendi."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mazoezini mtu akikaribia sauti lakini hajaipata. "Hayo ni yangu, nimeyapokea. Na ya kwake?"

Nikainamia viatu vyangu. Akageuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma, akaita, si kwa nguvu, "Koku. Mzee ana neno."

Koku akatoka, futi ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni akingoja. Mwalimu alichukua baiskeli yake, akaondoka, hakutaka kusikia.

Nikasimama, nikamwambia, "Niliumia uliporudi kwake, Koku, na bado nimeumia. Ndiyo maana nilikunyamazia."